Kabla ya kuchora bango la dobi, soma jina lako kwenye simu ya mteja

Mwanamke mmoja anayefua nguo za watu wa ofisi kule Imara Daima alitupigia akiwa na swali la madeni. Wateja wake wanachukua nguo, wanashukuru, wanasema "nitatuma jioni", halafu jioni inapita na kesho yake pia. Hawakuwa watu wabaya. Wengi walikuwa na mshahara na walikuwa wanarudi kila wiki. Mbona basi kulipa kunakuwa kazi?

Tukamwomba atusomee meseji ambayo mteja hupata akishalipa. Mteja ameleta kilo 8, kila kilo shilingi 120, jumla ni 960. Anaweka nambari ya Till, anaweka kiasi, na simu inamwonyesha kwamba pesa zinaenda kwa duka la nafaka. Till ile dada yetu aliifungua zamani alipokuwa akiuza mchele na maharagwe. Biashara ilibadilika, nambari ikabaki, na jina likabaki nayo.

Sasa jiweke mahali pa mteja. Umesimama kwa stegi, gari linakuja, simu inakuuliza kama unataka kulipa duka la nafaka ambalo hulijui. Utasitisha. Ukiwa mwangalifu utampigia dobi umuulize. Ukiwa na haraka utasema nitalipa baadaye, na baadaye ndiyo hiyo inayogeuka deni. Mteja aliyesitisha alikuwa anafanya tu kile tunachowaambia watu kila siku: ukiona jina usilolitarajia, usiweke PIN.

Kuna mteja mwingine aliyemuumiza zaidi. Ofisi ndogo ya Upper Hill ilikuwa imempa kazi ya kusafisha kila Jumamosi: kupiga deki, kupanguza madirisha, kufua mapazia mara moja kwa muhula. Ankara yake ilikuwa na jina moja, lile aliloandika kwenye mifuko ya nguo. Uthibitisho wa malipo ulikuwa na jina la nafaka. Karani wa hesabu alikataa kuupokea, na kwa kweli hakuwa na kosa. Angeueleza vipi kwa mkaguzi kwamba ofisi ya mawakili imenunua nafaka ili isafishwe sakafu?

Kwa hivyo mazungumzo ya madeni yakageuka kuwa ya jina. Yeye mwenyewe alikuwa tayari amefikiria kubadilisha, na alikuwa na jina mfukoni: "Imara Daima Executive Laundry and Dry Cleaners". Alikuwa amepata hata bei ya bango. Tulimwomba asilipe bado.

Tuseme maoni yetu wazi. Kwa biashara ya kufua na kusafisha, jina linapaswa kuchaguliwa kuanzia kwenye simu, halafu lirudi kwenye bango. Duka la mboga linaonekana, mteja anasimama mbele yake na kulipa. Dobi wa watu wa ofisi haonekani. Nguo zinachukuliwa mlangoni asubuhi na mtu wa bodaboda, zinarudi jioni, na nyumba inasafishwa wakati mwenyewe yuko kazini. Mteja anaweza kukaa mwaka mzima bila kufika kwa dobi wake. Jina analolijua ni lile aliloambiwa na mwenzake, alilohifadhi kwa simu, na lile linalotokea wakati wa kulipa. Yakiwa matatu tofauti, unampa sababu tatu za kusita. Na huyu ni mtu anayekuachia ufunguo wa nyumba yake.

Tukarudi kwenye lile jina lake refu, neno kwa neno. "Imara Daima" lilikuwa na tatizo la kwanza: nusu ya wateja wapya walikuwa wa Syokimau na South B, na mmoja alishamuuliza kama anafika huko kweli. Jina la mtaa linakufunga pale ulipoanzia. "Executive" tuliliruka haraka. Liko kwa vinyozi, kwa hoteli za chapati, kwa kila kitu. Halimwambii mtu chochote isipokuwa kwamba bei huenda ikawa juu.

Neno lililotusumbua ni "Dry Cleaners". Hili si pambo, ni ahadi ya kazi fulani. Kufua kwa njia hiyo maana yake ni kusafisha nguo kwa kemikali inayoyeyusha mafuta na uchafu, ndani ya mashine maalum, bila kuilowesha nguo kwa maji. Dada yetu ana mashine mbili za maji, pasi ya mvuke na kamba nyingi juu ya paa. Hana mashine ya kemikali, na kuinunua ni jambo jingine kabisa. Angepata suti ya sufu, angefanya nini? Sufu ikipata maji ya moto na kusukumwasukumwa, nyuzi zake hushikana na nguo hujikunja isirudi tena. Hata koti ambalo si la sufu lina kitambaa cha ndani kilichobandikwa kwa gundi ili kifua kisimame. Gundi ile ikiachia kwa sababu ya maji na joto, kifua cha koti hufanya vipele kama vya chapati iliyopata moto mkali, na hakuna pasi itakayovituliza. Mtu wa ofisi akileta koti la namna hiyo kwa sababu jina lako lilimwambia ulete, koti hilo ni lako kulilipa.

Njia ya kujua nguo ipi ni ipi iko kwenye kile kitambulisho kidogo kilichoshonwa ndani. Ukiona beseni limepigwa mkasi, nguo hiyo haitaki maji. Ukiona duara lenye herufi P au F ndani, inaweza kusafishwa kwa kemikali. Yeye nguo hizo huwa anazipeleka kwa fundi mwenye mashine mjini na kuongeza kidogo juu ya bei. Hilo ni sawa, na anaweza kulisema kwenye orodha yake ya bei. Kuliweka kwenye jina ni kudai kazi inayofanywa na mtu mwingine.

Akakubali, ila akauliza swali la maana: kama si hilo, nitumie jina gani ambalo watu wanalielewa papo hapo? Akapendekeza "Mama Fua" pamoja na neno lolote mbele yake.

Hapa ndipo tuliposhindana kidogo. Mama fua kila mtu Nairobi anamjua. Ndiye yule anayeitwa Jumamosi, anafua kwa beseni pale pale kwako, analipwa kwa siku au kwa kazi. Ni kazi ya heshima na imesomesha watoto wengi. Lakini ukilichukua neno hilo kuwa jina la kampuni, unachukua na bei yake. Mteja atakupigia akiwa kichwani na hesabu ya siku moja ya mama fua, naye hataelewa kwa nini kuna bei ya kilo, bei ya shati lililopigwa pasi na bei ya kuletewa mlangoni. Utatumia dakika kumi za kila simu ukieleza kwamba wewe si huyo anayemfikiria.

Tatizo la pili ni kwamba neno hilo ni la wote. Mtu akimwambia mwenzake "mtafute Mama Fua", atapata watu kumi na wewe. Na mtu mwenye nia mbaya anaweza kujiita karibu jina lako, awatumie wateja wako nambari yake, na wao wasione tofauti. Kulilinda nako ni vigumu. Watu wengi hudhani ukishasajili jina la biashara kwa BRS kupitia eCitizen, jina ni lako kabisa. Cheti hicho kinakuruhusu kufanya biashara kwa jina hilo na kinazuia mwingine asisajiliwe kwa jina lile lile, lakini si hati ya kumiliki alama ya biashara. Alama ya biashara huombwa KIPI, ambako kazi ya kufua na kusafisha huangukia daraja la 37, na usajili wake hudumu miaka 10 kabla ya kuufanya upya. KIPI huangalia kama jina linamtofautisha mtu na wengine. Jina linalotaja tu kazi yenyewe huwa na safari ngumu huko, kwa sababu mafundi wengine wote pia wanalihitaji neno hilo kueleza wanachofanya.

Basi tukakaa naye na kikombe cha chai, simu mezani, tukaandika majina ya Kiswahili. Kiswahili kina maneno mazuri ya usafi, lakini mengi yana mtego ambao hauonekani mpaka uyaseme kwa sauti.

"Takata" lilikuwa la kwanza. Linapendeza, lina maana ya kuwa safi kabisa. Lakini andika "takata" kwenye simu uone simu itakumalizia nini: takataka. Mteja mmoja akikosea herufi mbili, umekuwa jalala. Tukalifuta. "Ng'ara" likafuata, nalo ni tamu kweli. Shida ni ile alama ya juu. Watu hawaiandiki wakitafuta, na bila hiyo jina linasomeka Ngara, mtaa wa Nairobi wenye maduka na mitumba, na dereva wa bodaboda atauliza kama mko huko. "Povu" mtoto wake wa sekondari alilicheka kabla hatujamaliza kulisema. Siku hizi mtu akitoa povu ni kwamba amekasirika na anajibu watu mtandaoni. Dobi na mteja aliyekasirika hawakosekani, lakini usianze nao kwenye jina.

"Nadhifu" tulilijaribu kwa njia tunayompendekezea kila mtu. Mpigie mtu, mwambie jina mara moja tu, mwombe akutumie kwa meseji jinsi alivyolisikia. Tuliwapigia watatu. Wa kwanza aliandika Nazifu, wa pili Nathifu, wa tatu Nadifu. Hakuna aliyekosea kwa ujinga, ile dh ndivyo inavyosemwa na watu wengi. Ila watatu hao wasingeweza kutafuta jina moja wakafika mahali pamoja. Jihadhari vilevile na jina lenye l na r zinazofuatana, maana hapa kwetu kuna watu wengi ambao herufi hizo hubadilishana viti, na jina litafika kwa mteja likiwa na sura mbili.

"Dobi" lenyewe? Sisi tunalipenda, na Mombasa bado liko hai. Yeye alisema wateja wake vijana hulisikia kama neno la babu, na tena halina nafasi ya kazi ya kusafisha nyumba. Tuliliacha kwa shingo upande.

Halafu sisi tukaleta letu, na tulikuwa na hakika nalo: "Jumamosi Yako". Fikiria vizuri. Mtu wa ofisi hununua nini hasa kwa dobi? Hununua ile Jumamosi ambayo angeinama kwenye beseni mpaka saa nane. Jina hilo linabeba nguo na linabeba nyumba, kwa sababu zote ni kazi za Jumamosi. Ni la Kiswahili rahisi, halina herufi ya kumkosesha mtu, na hakuna mtaa ndani yake.

Akalikataa. Wasaidizi wake wawili ni Waadventista, Jumamosi hawafanyi kazi. Ile kazi ya Upper Hill alikuwa anaifanya mwenyewe na binamu yake. Jina linalosema Jumamosi lingewafanya watu wampigie Jumamosi, siku ambayo ana mikono michache zaidi. Isitoshe baadhi ya wateja wake pia ni Wasabato, na kwao kufua ni Jumapili. Tulikuwa tumefikiria mteja, tukasahau ratiba. Alikuwa sahihi, na tunaliandika hapa kwa sababu wengi wanaoshauriwa kuhusu majina huona aibu kumkatalia anayewashauri. Mkatalie. Wewe ndiwe unayeamka na hiyo kazi.

Jina alilolichagua lilitoka kwake, tena bila kulitafuta. Alikuwa anatueleza kazi ya siku: asubuhi napokea, nafua, mchana naanika na kunja, jioni narudisha. Akanyamaza, akarudia: "Anika na Kunja." Mtoto akasema yanasikika kama majina ya dada wawili. Sisi tukalipenda hapo hapo kwa sababu kufua mtu anaweza kufua mwenyewe, au mashine ikafua. Kinachomchosha mtu wa nyumba ya ghorofa ni kuanika, kwa sababu kamba za paa zimejaa au mvua imeanza, na kukunja, kwa sababu rundo la nguo safi hukaa kwenye kiti wiki nzima. Jina linataja sehemu mbili anazozikimbia.

Tuliwapigia wale watatu tena. Wote waliandika sawasawa, ila mmoja aliweka alama ya & badala ya "na". Hilo tulilizungumza. Kwenye bango alama hiyo ni nzuri, lakini mmoja ataisoma "na", mwingine ataisoma kwa Kiingereza, na kwenye fomu nyingine huenda isikubaliwe. Akaamua kila mahali iwe "na", kwa herufi, bango, mfuko, ankara na Till.

Udhaifu wa jina hili tunaujua. Halitaji kusafisha nyumba. Tuliangalia daftari lake, na karibu kila aliyempa kazi ya nyumba alianza kwa kumpa nguo. Mtu huanza na mashati matano, akiona hakuna kifungo kilichopotea wala soksi iliyobaki peke yake, ndipo anaposema siku moja njoo na nyumba. Kwa hivyo jina libebe kazi inayomleta mteja mara ya kwanza, na chini yake kwa herufi ndogo iandikwe: nguo na usafi wa nyumba. Angekuwa anapata wateja wake wengi kupitia usafi wa ofisi, tungemshauri tofauti. Udhaifu wa pili ni kwamba jina bado linataja kazi kwa kiasi fulani, kwa hivyo akienda KIPI anaweza kuulizwa maswali ambayo mwenye jina la kubuni kabisa hangeulizwa. Ameamua kungoja hapo kwanza, na kwa biashara ya mashine mbili tunaona ni uamuzi wa busara.

Kilichobaki kilikuwa utaratibu, na mpangilio wake ndio unaookoa pesa. Kwanza alitafuta jina kwenye eCitizen akiwa na la akiba, kwa sababu likifanana mno na la mwingine hukataliwa. Wakati huo hakuchapisha hata karatasi moja. Aliangalia pia kama kuna dobi mwingine anayelitumia mtandaoni bila kulisajili. Cheti kilipotoka, ndipo akaomba Till mpya kwa jina lile lile. Jina ambalo mteja huona linatoka kwenye fomu ya maombi. Bango halihusiki. Ukiandika vibaya hapo, au ukiacha jina lako binafsi mahali pa jina la biashara, ndilo litakalotokea kwa kila mteja. Kwa hivyo ilipofunguliwa, tulimwambia afanye malipo ya shilingi 10 kutoka kwa simu ya jirani na asome jina herufi kwa herufi. Simu ilionyesha ANIKA NA KUNJA. Hapo akampigia mchoraji.

Wateja wa zamani ndio wanaotaka uvumilivu. Ukibadilisha nambari ya kulipia ghafla, unafanana na tapeli hasa, kwa sababu matapeli nao hutuma meseji kwamba "nambari yetu imebadilika". Yeye hakutuma meseji ya pamoja. Aliweka karatasi ndani ya kila mfuko wa nguo zilizorudishwa, yenye Till mpya na jina litakalotokea, na mstari mmoja: ukiona jina lingine usilipe, nipigie kwa nambari unayoijua. Mtu akipata nguo zake mwenyewe zimekunjwa pamoja na karatasi ile, anajua imetoka kwa nani. Ilichukua wiki tatu mpaka kila mteja wa kawaida apate mfuko wake.

Karani wa Upper Hill alitaka pia barua fupi inayosema jina la zamani na jipya ni la mtu mmoja, pamoja na nakala ya cheti. Alipewa, na ankara iliyokwama ikalipwa. Mifuko ya jina la zamani bado iko kama mia moja pale dukani. Anaitumia kuhifadhia vibanio.